Ipo, Ipo, Ipo

Niliwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza jambo la uongo kuhusu ngozi ya minyoo. Sikukusudia. Lakini nililisema kwa sauti ya mtu anayejua, nikalichapa, nikaligawa darasani, na wakati wa kusahihisha mtihani nikawapa alama zote wale waliolikariri vizuri.

Lilikuwa kwenye mstari mmoja wa jedwali. Jedwali lenyewe lilikuwa na safu tatu: tegu, mnyoo wa ini na chango. Mistari ilishuka kwa mpangilio ambao kila aliyesoma zuolojia anaufahamu: umbo la mwili, ngozi, uwazi wa ndani, mfumo wa chakula, viungo vya uzazi. Kwenye mstari wa ngozi niliandika "kutikula", kisha chini ya kila mnyoo nikajaza: ipo, ipo, ipo. Pembeni nikaongeza maelezo: tabaka gumu lisilo hai, linalomkinga mnyoo asimeng'enywe na mwenyeji wake. Kwa chango maelezo hayo yanakubalika. Kwa wale wawili wengine ni makosa.

Sikulibuni mwenyewe. Nililirithi pamoja na ufunguo wa kabati la maabara kutoka kwa aliyenitangulia, naye bila shaka alilitoa kwenye kitabu cha zamani. Waandishi wa vitabu vile siwalaumu. Ukikata kipande chembamba cha mnyoo wa ini ukakitazama kwa hadubini ya kawaida, unaona kwa nje utando laini uliokolea, hauna viini vya seli, hauna mipaka kati ya seli na seli, umetulia kama kitu kilichokwisha kufa. Mtu mwenye akili timamu angeuita kutikula, na ndivyo walivyouita kwa miaka mingi. Hadubini ya elektroni ndiyo iliyovunja habari hiyo. Mwaka 1963 Threadgold alichapisha uchunguzi wake wa ngozi ya mnyoo wa ini, na ule utando uliodhaniwa kuwa mfu ukaonekana una mitokondria na vifuko vidogovidogo vinavyosafirisha vitu. Viini vyake vilikuwepo siku zote, ila vimezama chini, ndani zaidi kuliko tabaka za misuli, vikiunganishwa na utando wa juu kwa vishipa vyembamba vya saitoplazimu. Ile ngozi nzima ni kama seli moja kubwa isiyo na kuta za ndani, na iko hai. Ngozi ya tegu nayo imejengwa hivyohivyo. Wataalamu wanaiita tegumenti.

Mimi nilizaliwa baada ya makala hiyo kuchapishwa, kwa hiyo siwezi kusema habari zilikuwa hazijanifikia. Tena nilipokuwa mwanafunzi nilifundishwa tegumenti, nikaijibia mtihani. Nilipokuja kuwa mwalimu niliisahau, kwa sababu jedwali lilikuwa zuri. Majedwali yana ushawishi wake. Ukishachora safu tatu, kila mstari unataka ujazwe kwa lugha moja, na neno linalofaa safu zote tatu linakupa raha fulani, unaona umeelewa kitu. "Ipo, ipo, ipo" ilinipa raha hiyo kila muhula.

Makosa yangu yaliumbuliwa na rangi.

Vielelezo vyetu tulivipata machinjioni, kama vyuo vingi vinavyofanya. Minyoo ya ini tuliitoa kwenye mirija ya nyongo ya ini la ng'ombe lililokataliwa na mkaguzi wa nyama; huku kwetu ni aina ya Fasciola gigantica, mrefu kama jani jembamba la sentimita nne au tano, wakati mwingine zaidi. Tegu tulimtoa kwenye utumbo mwembamba wa kondoo. Huyo ni Moniezia, si yule tegu wa nyama ya ng'ombe anayetajwa vitabuni, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini tusichukue yule wa ng'ombe, maana ng'ombe wapo. Sababu ni kwamba tegu yule akikomaa anaishi ndani ya utumbo wa binadamu tu. Kwenye ng'ombe utakuta kifuko cha kiluwiluwi chake kwenye msuli, basi. Chango walitoka kwa nguruwe, wakubwa kwa wadogo.

Zoezi lilikuwa kutengeneza slaidi za kudumu. Kwa mnyoo bapa kazi inakwenda hivi. Unamlaza kati ya vioo viwili, unavifunga kwa uzi ili abaki amenyooka, unamgandisha kwa dawa, halafu unamtoa na kumlaza kwenye rangi ya kamini usiku kucha. Asubuhi anakuwa mwekundu kupita kiasi. Unamwosha kwa alkoholi ya asilimia 70 yenye matone machache ya asidi hidrokloriki, rangi ya ziada inatoka polepole, na viungo vinaanza kujitenga: korodani zinabaki zimekolea, ovari inabaki imekolea, nyama ya kujazia inafifia. Baadaye unapandisha alkoholi hatua kwa hatua mpaka maji yote yamtoke, unamsafisha kwa mafuta ya karafuu, unamfunika kwa utomvu wa balsamu. Ni kazi ya subira lakini haina siri.

Kwa kuwa jedwali langu lilisema ngozi zao ni moja, niliagiza minyoo yote itendewe namna moja. Matatizo yalianza kwenye vioo. Tegu na mnyoo wa ini walilala bapa bila ubishi. Chango wachanga, wenye sentimita chache, walipasuka mmoja baada ya mwingine. Ukiminya kioo kidogo tu, maji yanatoka kwa kishindo na utumbo unafuata. Fundi wa maabara, mzee tunayemheshimu wote, alinitazama akasema taratibu, "Mwalimu, hawa sisi huwa hatuwabani." Nilimjibu kuwa wanafunzi wamebana kwa nguvu mno.

Tukaweka kwenye kamini wale waliosalimika.

Asubuhi yake minyoo ya ini ilikuwa imependeza. Korodani mbili zenye matawi, zimetanda katikati ya mwili moja nyuma ya nyingine, zilionekana kwa macho matupu. Pingili za tegu nazo zilikuwa tayari. Chango walikuwa weupe. Ukitazama juujuu ungesema wameshika rangi kidogo, lakini walipoguswa na alkoholi yenye asidi ile nyekundu ya juu ikaondoka yote kama vumbi. Mmoja tu alikuwa na waridi, mahali pamoja, kwenye mkia, pale ambapo koleo la mtu lilikuwa limemchubua. Kuanzia kwenye mchubuko huo rangi ilikuwa imeingia ndani ikasafiri kidogo, ikaishia hapo.

Mwanafunzi mmoja wa kike alikuja na bakuli lake akaniuliza, "Mwalimu, kama ngozi zao ni kitu kimoja, mbona rangi imeingia kwa hawa wawili na huyu amegoma?"

Nikasema, "Huyo amekaa sana kwenye fomalini."

Haikuwa kweli. Wote walikaa muda mmoja, na aliyewaweka ni mimi. Alikubali, akainama, akaandika jibu langu kwenye daftari. Halafu akainua kichwa akauliza lingine, nadhani bila nia ya kunitega: "Na tegu hana mdomo. Sasa kama ngozi yake ni mfu na inazuia vitu, anakula wapi?"

Karatasi ya jedwali ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma yake. Niliisoma juu ya bega lake. Mstari wa ngozi, safu ya tegu: tabaka gumu lisilo hai, linalokinga. Mistari miwili chini, safu ileile: mfumo wa chakula haupo, chakula hufyonzwa kupitia ngozi. Mwandiko ni wangu. Kwa miaka nilikuwa nimeisimamia mistari hiyo miwili kwenye karatasi moja, na haikuwahi kunijia kuisoma kwa pamoja. Niliisoma kila mmoja kwa mlalo, kama jedwali linavyotaka isomwe, tegu kisha mnyoo wa ini kisha chango, nikilinganisha mnyama na mnyama. Sikuwahi kushuka nayo kwa wima, nikamuuliza mnyama mmoja kama habari zake zinaelewana. Tegu wa kwenye jedwali langu angekufa kwa njaa.

Nilihisi joto masikioni. Nikamwambia swali zuri, tutalijibu kwenye mhadhara. Sikulijibu.

Jibu ambalo alistahili ni hili, na nalitoa kwa kirefu kwa sababu wewe nawe unaweza kuwa na karatasi kama yangu.

Tegu hana utumbo katika hatua yoyote ya maisha yake, na ngozi yake inafanya kazi ambayo utumbo wako unafanya. Uso wa tegumenti yake umefunikwa na vijinywele vidogo mno visivyoonekana kwa hadubini ya kawaida, vinavyofanana na vile vinavyotanda ukuta wa utumbo mwembamba wa binadamu, na kwa sababu ileile: kuongeza eneo la kufyonza. Glukosi na amino asidi havipenyi humo kwa bahati. Vinavutwa, na kuvuta kunahitaji nishati. Kitu kilichokufa hakiwezi kazi hiyo. Ndiyo maana ndani ya tegu hakuna nafasi tupu. Katikati ya viungo kuna nyama laini ya kujazia, parenkima, na mwili wake ni bapa ili kila sehemu isikae mbali na ngozi inayoilisha. Vilevile ndiyo maana anakubali kubanwa kati ya vioo. Ndani yake hamna maji ya kutoka.

Mnyoo wa ini ana ngozi ya aina hiyo, hai, yenye miiba midogo iliyolala kuelekea nyuma, lakini yeye hakuacha mdomo. Mdomo uko mbele, katikati ya kinyonyeo cha kwanza. Kinyonyeo cha pili kiko tumboni, ni cha kujishikiza tu, na wanafunzi wengi hukichora kana kwamba nacho ni mdomo. Baada ya koromeo fupi utumbo wake unagawanyika mara mbili, na kila tawi linatoa matawi madogo mengi mpaka linafika pembezoni mwa mwili. Halafu matawi yanaishia hapohapo. Hakuna tundu la kutolea haja. Anakula damu na tishu za mirija ya nyongo, na kisichofaa anakirudisha kwa mdomo uleule kilimoingilia. Juu ya hayo, ngozi yake pia inaingiza glukosi. Huyu ndiye niliyemdhulumu zaidi kwenye jedwali, kwa sababu anakula kwa njia mbili na mimi nilimwandikia moja.

Chango ni jengo lingine kabisa. Kutikula yake ni ya kweli. Imesukwa kwa kolajeni katika matabaka, inatolewa na seli za chini yake, na mnyoo huivua mara nne katika kukua kwake, kama nyoka anavyovua gamba. Inaingia hata mdomoni, inafunika koromeo kwa ndani, na inafunika tena sehemu ya mwisho ya utumbo. Chini ya kutikula kuna misuli, na misuli yote imelala kwa urefu wa mwili. Misuli ya kuzunguka mwili hana. Sasa mnyama mwenye misuli ya upande mmoja anajinyoosha vipi baada ya kujikunja? Kwa maji. Kati ya misuli na utumbo kuna uwazi uliojaa maji yaliyobanwa, na msukumo wa maji hayo dhidi ya kutikula ngumu ndio unaomrudisha. Harris na Crofton waliupima msukumo huo kwa chango, wakachapisha mwaka 1957: wastani ni kama milimita 70 za zebaki. Chango, basi, ni tyubu iliyojazwa, na mimi niliagiza ibanwe kati ya vioo.

Msukumo huo unaeleza pia koromeo lake. Utumbo wa chango ni mrija wenye ukuta wa seli za tabaka moja tu, hauna misuli yake, na maji yanaukandamiza kutoka pande zote. Chakula hakiwezi kuingia chenyewe. Koromeo nene lenye misuli linakipampu kwa nguvu kukishinda kile kinachokandamiza, na huko nyuma kuna tundu la kutolea, maana mrija wenye mlango mmoja usingefaa hapo. Kwa jike tundu hilo ni la haja peke yake. Kwa dume linatumika pia kama njia ya mbegu.

Kuhusu rangi, niseme wazi ili nisitumbukie kwenye kosa jingine. Kamini kuingia kwa tegu na kugoma kwa chango hakuthibitishi kwamba ngozi ya tegu iko hai. Wakati ule wote walikuwa maiti. Ilichoonyesha ni kwamba ngozi hizo hazikutengenezwa kwa kitu kimoja. Ukitaka ushahidi wa uhai, uko mahali ambapo watu wengi wamepita bila kuuona. Mtu akipewa niklosamidi ikamuua tegu, mara nyingi kichwa cha tegu hakionekani kwenye haja kubwa hata ukikitafuta kwa uangalifu. Tegu akishakufa, ngozi yake haiwezi tena kujilinda, na utumbo uleule aliokaa ndani yake miezi au miaka unammeng'enya. Chango aliyelegezwa kwa levamisoli anatoka mzima, mweupe au wa waridi, na ndiyo maana mama akimpa mtoto dawa ya minyoo anaweza kukuhesabia waliotoka. Kinga ya chango inabaki hata mwenyewe asipokuwepo. Kinga ya tegu ni kazi anayoifanya kila dakika.

Chango mdogo anayetakiwa kuonekana ndani hatiwi kamini, anasafishwa. Unamuua kwa alkoholi ya moto ili anyooke, unamweka kwenye laktofenoli au kwenye alkoholi yenye gliserini kidogo, unaiacha alkoholi iondoke polepole, na kutikula inakuwa angavu kama kioo. Mkubwa unampasua kwenye sinia ya nta chini ya maji. Vaa glavu, na usidhani fomalini imemaliza hatari. Mayai ya chango yanaweza kuendelea kukua hadi kiluwiluwi ndani ya fomalini hafifu. Fundi wetu alijua hayo yote. Hakuna aliyemuuliza.

Mstari wa viungo vya uzazi nao ulikuwa na dhambi yake, ndogo lakini ya kunitia aibu zaidi. Kwenye safu ya tegu niliandika kwamba kila pingili ina seti moja ya viungo vya kiume na ya kike, na tundu la uzazi liko upande mmoja, kulia kwenye pingili hii na kushoto kwenye nyingine bila mpangilio maalumu. Hayo ni kweli kwa tegu wa ng'ombe. Lakini sinia haikuwa na tegu wa ng'ombe. Ilikuwa na Moniezia wa kondoo, na yeye katika kila pingili ana seti mbili kamili, zimekaa huku na huku, na matundu mawili, moja kila ukingo. Kwenye pingili pana iliyotiwa rangi vizuri huwezi kukosa kuziona ovari mbili. Wanafunzi wengine walizichora. Mimi nikapitisha kalamu nyekundu, nikaandika "tazama jedwali", nikakata alama. Waliochora tundu moja kwa kunakili walipata zote.

Sehemu iliyobaki ya mstari ule ilikuwa sawa, naitaja kwa ufupi. Tegu na mnyoo wa ini ni huntha, kila mmoja ana ume na uke mwilini. Tofauti yao ni ya mpangilio: mnyoo wa ini ana mtambo mmoja kwa mwili mzima, tegu anaurudia mtambo huo katika kila pingili, pingili changa zikichipuka shingoni na kuzisukuma kongwe, zilizojaa mayai, nyuma zikakatike. Chango wana dume na jike. Dume ni mfupi, mkia umejikunja kama ndoana, na ana korodani moja iliyo mrija mrefu. Jike ana mirija miwili inayoungana karibu na tundu la uzazi, lililoko kama theluthi moja ya mwili kutoka kichwani, na kwa nyuma mirija inakwisha kuwa nyuzi za ovari zilizojisokota kila mahali. Ukizinyoosha zinapita urefu wa mnyoo mwenyewe mara kadhaa. Kwa mtambo huo jike anafikisha mayai kama 200,000 kwa siku. Mwanafunzi akimpasua chango, kitu cha kwanza kumwagika ni huo uzi mweupe, na karibu wote huuita utumbo. Utumbo ni ule utepe wa hudhurungi uliolala katikati.

Gharama ilikuwa hivi. Muda wa kusahihisha kabla ya mtihani ulikuwepo, sikuutumia. Nilijiambia nitabadilisha karatasi mwaka unaofuata, kimya kimya, ili mamlaka yangu yasitetereke. Mtihani ulikuja na swali la kulinganisha ngozi na mfumo wa chakula wa minyoo hao watatu. Nilisahihisha kwa jedwali langu. Mtahini wa nje alipohakiki majibu akaandika, kwa mwandiko mdogo na bila ukali, kwamba jibu lililopewa alama zote si sahihi tangu miaka ya sitini ya karne iliyopita, akaagiza swali lisahihishwe upya. Waliokariri vizuri kuliko wote ndio walioshuka zaidi. Mmoja alishuka chini ya alama ya kufaulu, akarudia mtihani wakati wenzake wako likizo. Yule aliyeniuliza swali aliandika kwamba rangi haikuingia kwa chango kwa sababu alikaa sana kwenye fomalini. Alipata sifuri kwenye kipengele hicho, na aliyempa ni mimi, kwa kalamu ileile.

Kwenye kikao cha matokeo nilinyamaza. Nilieleza chanzo cha kosa kwa mkuu wa idara baada ya matokeo kubandikwa, wakati maelezo yangu hayakuwa na faida kwa mtu yeyote isipokuwa kwangu. Kwa wanafunzi nilisema muhula uliofuata, darasani, nikamtaja mwulizaji swali kwa heshima. Alishukuru. Aliyerudia mtihani hakuwepo siku hiyo.

Karatasi mpya ipo, na mstari wa ngozi haufanani tena katika safu zote. Lakini ya zamani bado inatolewa nakala kwenye duka la fotokopi nje ya geti, inauzwa kwa wageni wa mwaka wa kwanza, na jina langu liko chini yake. Ukiikuta, kata mstari wa pili. Kwa tegu andika: tegumenti hai, yenye vijinywele, ndiyo inayofyonza chakula chote. Kwa mnyoo wa ini: tegumenti hai, yenye miiba, inasaidiana na utumbo usio na mlango wa nyuma. Kwa chango: kutikula ya kolajeni, huvuliwa mara nne, chakula hupita mdomoni. Na kwenye mstari wa uzazi, kabla ya kuandika idadi ya matundu, uliza kwanza tegu aliye mbele yako ametoka kwa mnyama gani.